Maandishi ya ukutani kwa kibanda cha fundi simu: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Kazi yangu ni kuandika mabango kwa brashi, sehemu kubwa huku Temeke na Mbagala. Mafundi simu ni wateja wangu wakubwa, na karibu wote huja na maswali yaleyale. Nimeyajibu hapa kwa kutumia ukuta mmoja nilioufanyia kazi, wa kijana mwenye frem kando ya barabara ya daladala. Sehemu ya kuandika ilikuwa mita 2.4 kwa upana na mita 1.2 kwa kwenda juu. Mtu aliyesimama ng'ambo ya barabara yuko mita 18 kutoka ukutani.

Niandike nini hasa?

Kijana yule alinitumia maneno haya kwenye simu: "Tunatengeneza simu aina zote, tunabadili vioo, betri, mfumo wa chaji, spika, maiki, kufleshi, kutoa loki, tunauza kava, protekta, chaja, hedifoni, pia tunasajili laini, karibuni sana." Kila neno ni kweli, ila hakuna atakayelisoma. Yaliyobaki ukutani mwishowe ni haya:

FUNDI SIMU
KIOO – CHAJI – BETRI
INAFUNGULIWA MBELE YAKO
(namba yake)

Mstari wa kwanza ndio bango lenyewe. Mtu aliyeangusha simu anapita akitafuta neno moja tu, nalo ni "fundi". Akishaliona atavuka, na hayo mengine utamweleza akiwa mbele ya meza. Kava na protekta zinaning'inia mlangoni, zinajitangaza zenyewe. Usajili wa laini una mwavuli wake.

Mstari wa pili nimeuachia vitu vitatu vinavyoleta watu wengi zaidi kwake. Nilimuuliza wiki iliyopita alipokea simu ngapi na zilikuwa na ugonjwa gani. Kioo kikaongoza, ikafuata chaji isiyoingia, kisha betri zilizovimba. Wewe uliza daftari lako. Kama uko karibu na ferri au soko la samaki, huenda simu zilizoingia maji ndizo zikaongoza, basi MAJI yapande juu.

Kwa nini unakataa "Tunatengeneza simu"? Si ndicho Kiswahili kizuri?

Ni kizuri, lakini hakitoshi ukutani. Vitenzi vyetu vinabeba mtu, wakati na tendo kwa pamoja, ndiyo maana TUNATENGENEZA peke yake lina herufi 13. FUNDI SIMU nzima ina 9. Herufi ya kimo cha sentimita 20, ukihesabu na uwazi wa pembeni yake, inakula kama sentimita 15 za upana. FUNDI SIMU pamoja na nafasi ya katikati ni hatua 10, yaani mita 1.5, na kwenye ukuta wa mita 2.4 unabaki na sentimita 45 kila upande. TUNATENGENEZA SIMU ni hatua 18, yaani mita 2.7. Haiingii, na ukiilazimisha itabidi upunguze kimo cha herufi hadi aliye ng'ambo aanze kukunja macho.

Ndiyo sababu kwenye mstari wa kwanza natumia jina, si kitenzi. "Matengenezo ya simu" nalo ni refu, na lina harufu ya ofisi. Watu wanasema "naipeleka simu kwa fundi", basi andika fundi.

Herufi ziwe na ukubwa gani?

Tunatumia kipimo cha waandika mabango wa siku nyingi: kila mita 3 za umbali, kimo cha herufi sentimita 2.5. Hapo mtu anasoma bila kutafuta. Kwa mita 18 inatoka sentimita 15. Nilipandisha hadi 20 kwa sababu abiria wa daladala na wa bodaboda hasimami, anapewa sekunde mbili au tatu tu.

Si lazima mistari yote isomeke ng'ambo. Huduma tatu niliziandika kwa sentimita 10, ule mstari wa "mbele yako" kwa 8, na namba kwa 12. Hivyo mtu anaona FUNDI SIMU akiwa ng'ambo, anaposhuka lami anasoma KIOO, na akikaribia anakutana na ahadi. Jumla ya vimo ni sentimita 50. Niliongeza sentimita 12 chini ya mstari wa kwanza na 10 chini ya kila mmoja wa miwili inayofuata, ikawa 82. Zilizobaki 38 nikazigawa juu na chini ziwe wazi. Wateja wengi wanaona uwazi ule ni eneo limepotea, na wananiambia, "Mkubwa, hapo si ungeweka hata picha ya simu?" Hapana. Uwazi ndio unaotenga maneno yako na mlango, nondo na bango la jirani.

Unene wa mkono wa herufi uwe kama sehemu moja ya sita ya kimo. Kwa herufi ya sentimita 20 ni kama sentimita 3.3. Ukiunenepesha sana, matundu ya D na O yanaziba na kwa mbali yanageuka madoa. Ukiukondesha, jua la saa saba linaumeza.

Bango likae juu kiasi gani?

Nenda ng'ambo ya barabara saa kumi na moja jioni, siyo asubuhi wakati kumetulia. Utaona bajaji mbili zimeegeshwa, pikipiki, mama wa mihogo na mwavuli wa wakala wa pesa. Chochote kilicho chini ya mita 1.5 kimefunikwa. Kwa kijana huyu niliweka ukingo wa chini wa eneo la bango kwenye mita 1.5, na FUNDI SIMU ikaanzia mita 2.3 kutoka ardhini. Namba ndiyo ikakaa chini, kwa sababu anayeinakili ameshasogea.

Kama una bati lililotokeza mbele, angalia pia kivuli chake. Mchana kinaweza kukata mstari wa kwanza katikati, nusu juani na nusu gizani, na jicho likashindwa na yote mawili. Shusha mstari wote uingie kivulini, kisha weka msingi mweupe au wa njano ili herufi zisipotee.

"Fundi bora, bei nafuu, kazi ya uhakika" ina ubaya gani?

Haina ubaya, ila haina kitu. Fundi mbovu naye ameiandika. Fikiria mteja anaogopa nini. Anaogopa simu yake kuingizwa chumba cha nyuma na kurudi imenyofolewa kifaa kizima na kuwekewa kingine. Anaogopa kuambiwa "njoo kesho" kwa wiki mbili. Anaogopa kioo kipya kife siku ya nne na fundi amkane. Ahadi ya ukutani iguse moja ya hofu hizo, tena iwe kitu ambacho mteja anaweza kukudai.

Kijana huyu anafanya kazi kwenye meza ya mbele, hana chumba cha nyuma, kwa hiyo INAFUNGULIWA MBELE YAKO ni kweli kila siku. Fundi mwingine wa Tandika anatoa waranti, yeye tukamwandikia WARANTI YA KIOO SIKU 30. Tazama hapo kuna kifaa kinachotajwa na kuna siku zinazohesabika. "Waranti ipo" bila siku inaleta ugomvi. Na usiandike siku 30 kama huwa unabishana na mteja siku ya kumi, maana rangi ile itakuumbua mbele ya wapita njia.

Wa tatu alitaka SUBIRI UONE, akimaanisha mteja asubiri huku anaona kazi inavyofanyika. Nilimwambia, "Dogo, hapo umetangaza vita." Tulicheka, tukaiacha.

Jina lako nalo linajenga imani kuliko sifa. FUNDI fulani, jina wanalokuitia mtaani, linamwambia mtu kwamba huyu akinikosea nitajua pa kumuulizia. Kama umekaa hapohapo miaka kadhaa, TANGU na mwaka ulioanza inatosha. Mwaka huo uwe wa kweli, majirani wanaukumbuka.

Niandike "vioo orijino"?

Hili linawaumiza wengi. Mafundi karibu wote wana kioo cha aina mbili au tatu: kilichotolewa kwenye simu nyingine ya kampuni ileile, na kopi za viwango tofauti. Ukiandika ORIJINO kisha ukamfungia mteja kopi, ataigundua. Rangi zinapauka ukiitazama simu kwa pembeni, mguso unachelewa kwenye kona, weusi unakuwa kijivu. Akirudi, atasimama chini ya neno lako mwenyewe.

Kama unauza vyote, andika KIOO: ORIJINO AU KOPI. Mafundi hushtuka ninapowashauri hivyo, wanaona kama ninawavua nguo. Lakini mteja anajua kopi zipo, anachotaka ni kuambiwa anayolipia ni ipi. Bango linalotaja kopi waziwazi linamfanya aamini na upande wa orijino.

Jambo dogo hapohapo: mteja anaita kila kitu "kioo", iwe ni glasi ya juu iliyopasuka au ni kioo cha ndani kilichokufa. Wewe unajua tofauti ya bei. Ukutani andika KIOO kama anavyosema yeye, na tofauti umwoneshe mezani.

"Kutoa loki" niiweke? Inaleta hela.

Mimi siiandiki kwa herufi kubwa, na "kubadili IMEI" siiandiki kabisa hata ukinilipa mara mbili. Kuchezea namba ya IMEI ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Tangu simu bandia zizimwe na TCRA Juni 2016, hata bibi anajua kubonyeza *#06# aone namba hiyo.

Kuna sababu ya pili iliyo ya kibiashara. Mama aliyepasua kioo akiona TUNATOA LOKI ZOTE juu ya mlango, anasoma "hapa simu za wizi zinasafishwa". Anajiuliza na yake itabaki salama? Mtu halali aliyesahau nywila yake atakuuliza kwa mdomo, nawe utamwomba risiti au boksi la simu.

Namba ya simu niiandike vipi?

Moja tu. Namba tatu za mitandao mitatu hakuna anayezikariri, na baada ya miaka miwili mbili zitakuwa zimekufa. Weka ile iliyosajiliwa kwa jina lako na yenye WhatsApp, maana wateja hutuma picha ya ufa kabla ya kuja.

Gawa tarakimu kumi hivi: nne, nafasi, tatu, nafasi, tatu. Nafasi hiyo iwe na upana wa tarakimu moja. Kisha angalia ndugu wanaofanana. Moja yenye kofia ndefu inasomeka saba kwa mbali, kwa hiyo moja naichora fimbo tupu, na saba naipa paji pana. Sita na nane naziachia matundu makubwa. Tatu naifungua mdomo, isije ikajifunga ikawa nane.

Halafu ipige. Kabla sijasafisha brashi, mteja anapiga namba kwa kuisoma ukutani, siyo kutoka kwenye karatasi. Utaratibu huu niliununua kwa aibu. Miaka ya mwanzo niliandika namba ya fundi mmoja kutoka kwenye kikaratasi, nikageuza 1 ikawa 7. Kwa wiki kadhaa mama mmoja wa Morogoro akawa anaulizwa kila asubuhi kama betri ya Tecno imefika. Yule fundi alifikiri biashara imekufa. Nilirudia bango bure, na yule mama tulimpigia kumwomba radhi.

Rangi gani zinaonekana zaidi?

Nyeusi juu ya njano, au bluu iliyoiva juu ya nyeupe. Kinachosomeka ni tofauti ya giza na mwanga, siyo ukali wa rangi. Nyekundu juu ya bluu zote ni kali, lakini zinapigana na kingo za herufi zinacheza machoni. Njano juu ya nyeupe haionekani hata ukiwa mlangoni.

Nyekundu watu wanaipenda sana. Itumie kwa neno moja au mstari mmoja, ukijua kwamba kwenye ukuta unaopigwa na jua la mchana ndiyo inayopauka kabla ya nyingine. Na tazama majirani kwanza. Kampuni za simu zimepaka maduka mengi rangi zao kuanzia msingi hadi bati. Ukiwa katikati ya frem mbili nyekundu, nyekundu yako itakuwa sehemu ya ukuta wao, na mteja atadhani wewe ni wakala tu. Kijana wetu alikuwa na jirani mwekundu kushoto na wa bluu kulia. Tulimpa njano.

Vivuli vya herufi, herufi za kuinama na zenye mikia waachie saluni. Kivuli kinaziba uwazi kati ya herufi, na ukiwa mita 18 unaona ukungu.

Ukuta wangu umepigwa plasta juzi. Tuandike leo?

Subiri. Saruji mbichi ina maji na ina ukali unaoila rangi ya mafuta, ikageuka kama sabuni na kunata. Plasta mpya iache wiki nne hivi, na kama ni masika ongeza. Ukitaka kujua, gandisha karatasi ya nailoni ukutani kwa utepe pande zote nne, iache hadi kesho yake. Ukikuta matone ndani, ukuta bado unatoa maji.

Ukuta wa chokaa nao ni mtego. Pitisha kiganja, kikirudi cheupe ujue rangi yoyote utakayopaka imeshika vumbi tu na itabanduka nalo. Kwangua, osha, acha ukauke, piga praima. Ukuta uliopakwa rangi ya mafuta inayong'aa upige msasa kwanza, ama sivyo rangi ya maji itavuka kama ngozi ya nyoka.

Vifaa vya ukuta wetu havikuwa vingi. Eneo ni chini kidogo ya mita za mraba 3, kwa hiyo lita moja ya rangi ya maji ya njano ilitosha mikono miwili. Herufi zilikula chini ya nusu lita ya rangi ya mafuta nyeusi. Izimue kwa tapentaini kidogo. Wenye haraka wanazimua kwa petroli: inakauka upesi, inapoteza mng'ao upesi, na siyo kitu cha kuwa nacho karibu na fundi mwenye pasi ya risasi.

Kwa nini mabango mengine yanaishia na herufi zilizobanana upande wa kulia?

Kwa sababu mwandishi alianza kushoto akijiamini. FUNDI SIM imekaa raha, kisha U imesimama ubavu kama konda mlangoni.

Anza katikati. Pata nusu ya ukuta, yaani mita 1.2, uweke alama. FUNDI SIMU ina hatua 10, kwa hiyo hatua ya tano ndiyo herufi ya I ya FUNDI, na nafasi ya wazi inaanza kwenye alama yako. Chora kwa chaki kwenda kushoto, kisha kulia. I ni nyembamba na M ni pana, basi I inaikopesha M. Mistari ya juu na chini ipige kwa uzi uliopakwa chaki: watu wawili wanauvuta, wa katikati anaufyatua. Tumia pima maji, usifuate bati wala tofali, vyote vinaweza kuwa vimeinama.

Kabla ya rangi, vuka barabara. Nilimwita dereva wa bodaboda aliyekuwa amekaa tu ng'ambo, nikamwambia, "Kaka, geuka, soma haraka." Akasema, "Fundi simu, kioo, na kitu kingine." Ilikuwa chaki tupu juu ya njano, hivyo nikaridhika.

Kuchora tufaha lililoumwa au majina ya simu?

Nembo siyo mali yako, na inamfanya mteja afikiri wewe ni wakala rasmi. Kama unazijua Tecno na Infinix kuliko nyingine, andika majina hayo mawili kwa herufi ndogo karibu na mlango. Orodha ya majina saba inasema hujui hata moja vizuri.

Kiswahili au Kiingereza?

Uliza wanaopita. Kwetu, FUNDI SIMU inaeleweka na mtoto aliyetumwa na baba yake. Karibu na hoteli za wageni unaweza kuongeza neno la Kiingereza chini, dogo.

Nahitaji kibali?

Uliza ofisi ya kata kabla ya kununua rangi, kwa sababu halmashauri zina taratibu na ushuru wa mabango. Mwulize na mwenye nyumba, ukuta ni wake. Na ukiona X nyekundu popote kwenye jengo hilo, hifadhi hela yako. Kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu na za mikoa inafika mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na wenye brashi ya X hawarudi kufuta. Hapo andika kwenye ubao wa plaiwudi, siku ya kuhama unaubeba.

Nirudie lini?

Rangi ikianza kuacha unga kidoleni, au nyeusi ikiwa kijivu. Upande wa chini huharibika kwanza kwa matope ya mvua na migongo ya wanaoegemea. Usisubiri ukuta wote uchoke, pitisha brashi kwenye namba peke yake, ni kazi ya nusu saa. Yule kijana aliniita baada ya mwaka na kidogo kwa ajili ya namba. Nikiwa juu ya ngazi akaja mzee na simu iliyopasuka, akasimama chini yangu, akasoma kwa sauti, "Inafunguliwa mbele yako," akavuta kigoda, akakaa.